Mpangaji Anapotaka Kufuga Paka

Jibu la mwenye nyumba kwa mpangaji anayetaka kufuga humruhusu mnyama mmoja aliyetajwa, si wanyama kwa jumla. Kwa paka katika fleti ya Nairobi yenye kodi ya shilingi 25,000 kwa mwezi, barua inaweza kudai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na dipoziti ya ziada ya shilingi 12,500. Dipoziti hiyo huandikwa kando, pamoja na inachofidia: milango iliyokwaruzwa, harufu ya mkojo, viroboto. Rangi iliyofifia kwa umri haimo, na hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Kwa hiyo vyumba hupigwa picha kabla paka hajaingia, na pande zote mbili husaini.