Vizigeu Vinapolazimika Kulingana

Panga machungwa yawe piramidi yenye kitako cha mraba. Juu kabisa kuna chungwa 1, tabaka linalofuata lina 4, la tatu lina 9, la nne 16, na kila tabaka ni mraba wa namba yake. Piramidi ya tabaka nne ina machungwa 30, na hilo mtu hulijumlisha kichwani. Tabaka kumi nazo zinajumlishika kwa kalamu na subira: 385. Lakini mtu akitaka jumla ya miraba mia ya kwanza, au jumla ya tabaka zozote atakazotajiwa, anahitaji kanuni, na kanuni hiyo haionekani kwa kuyatazama machungwa.

Kuna njia ya kuifikia ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata mwanzo hadi mwisho. Unaandika umbo la jibu kabla hujalijua jibu lenyewe, ukiacha herufi mahali pa namba usizozijua. Kisha unaliwekea umbo hilo sharti moja: liwe kweli kwa kila x. Sharti hilo ndilo linalozitoa namba zilizofichwa.

Tuanze na mfano mdogo. Tunatafuta namba A na B zitakazofanya

A(x − 1) + B(x + 2) = 5x + 7

iwe kweli kwa kila thamani ya x. Tukifungua mabano upande wa kushoto na kukusanya vipande vya aina moja, tunapata (A + B)x + (2B − A). Kilichokaa mbele ya x ni A + B, na upande wa kulia mbele ya x kuna 5. Namba hiyo inayoizidisha x ndiyo inayoitwa kizigeu. Kwa hiyo A + B = 5, na kwa namba zilizosimama bila x, 2B − A = 7. Ukizijumlisha milinganyo hii miwili, A inajifuta, 3B inakuwa 12, B ni 4 na A ni 1. Ukirudi mwanzo, (x − 1) + 4(x + 2) ni 5x + 7 kweli.

Kazi yote ya hapa imeegemea maneno “kwa kila x”. Mlinganyo wa kawaida, kama x² + 6 = 5x, unauliza ni x ipi inayoufanya uwe kweli, na jibu ni 2 na 3 tu. Mtu akilinganisha vizigeu hapa atapata kwamba 1 ni sawa na 0, kwa sababu kushoto kuna x² moja na kulia hakuna hata moja. Upuuzi huo haumaanishi kwamba mlinganyo una kasoro. Unamaanisha kwamba pande hizo mbili hukutana mahali pawili tu, wala si kila mahali.

Sasa, kwa nini kulingana kwa kila x kulazimishe vizigeu vilingane kimoja kimoja? Vitabu vingi vya shule huitaja kanuni hii kwa sentensi moja na kupita, jambo linalonisikitisha, kwa kuwa sababu yake ni fupi na nzuri. Tuseme px² + qx + t na rx² + sx + u zinatoa thamani ileile kwa kila x. Weka x = 0. Vipande vyenye x vinatoweka pande zote mbili, na t inabaki sawa na u. Ziondoe. Kilichobaki, px² + qx = rx² + sx, kina x ndani ya kila kipande. Kwa x yoyote isiyo sifuri tunaweza kuigawanya, tukabaki na px + q = rx + s. Weka x = 1, kisha x = 2, utoe mlinganyo wa kwanza katika wa pili: p = r. Na hapo hapo q = s. Kama kipeo kingekuwa kikubwa zaidi, tungeendelea kumenya vivyo hivyo, kipande baada ya kipande.

Hoja hiyo inaonyesha jambo jingine litakalotufaa kwenye machungwa: hatukuhitaji kila x duniani. Polinomia isiyozidi kipeo cha pili inabanwa na thamani tatu tofauti za x, ya kipeo cha tatu inabanwa na nne, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo ulinganifu unaoshika kwa namba nzima 1, 2, 3 bila kikomo unashika kila mahali.

Mfaransa René Descartes aliitumia silaha hii katika kitabu chake cha jiometri kilichotoka mwaka 1637. Alitaka kupata mstari unaosimama wima kabisa juu ya mstari uliopinda, katika nukta aliyoichagua. Akafikiria duara linalougusa mstari huo uliopinda. Duara likikata hupatikana nukta mbili; likigusa tu, nukta hizo mbili huwa moja, na mlinganyo wake lazima uwe na (y − e)² ndani yake, ikizidishwa na polinomia nyingine ambayo vizigeu vyake bado havijulikani. Descartes aliviandika vizigeu hivyo kwa herufi, akafungua mabano, akalinganisha kipande kwa kipande. Kalkulasi ya Newton na Leibniz ilikuwa bado haijazaliwa.

Turudi kwenye piramidi. Iite P(x) jumla ya machungwa katika tabaka x. Hatuijui P, lakini tunajua jinsi inavyokua: ukiongeza tabaka la x, umeongeza machungwa x². Kwa hiyo

P(x) − P(x − 1) = x².

Umbo lake liwe lipi? Kwa kuwa jumla ya vipande vya kipeo cha pili inajaza umbo lenye urefu, upana na kimo, ni busara kujaribu kipeo cha tatu: P(x) = ax³ + bx² + cx + d.

Hapa kuna kazi ya mikono. Tunahitaji kutoa P(x − 1), na mahali ambapo wengi hujikwaa ni alama za hasi. Kumbuka kwamba (x − 1)³ ni x³ − 3x² + 3x − 1, hivyo x³ ukiitolea hiyo unabaki na 3x² − 3x + 1. Vivyo hivyo x² kutoa (x − 1)² inabaki 2x − 1, na x kutoa (x − 1) ni 1. Herufi d inajifuta yenyewe. Tofauti yote basi ni

a(3x² − 3x + 1) + b(2x − 1) + c,

na ukiikusanya inakuwa 3ax² + (2b − 3a)x + (a − b + c).

Hii lazima iwe sawa na x². Nashauri upande wa kulia uandikwe kwa ukamilifu wake, 1x² + 0x + 0, maana kizigeu kisichoonekana hakijakosekana. Ni sifuri, nacho kina haki ya mlinganyo wake. Tunapata mitatu: 3a = 1; 2b − 3a = 0; a − b + c = 0. Wa kwanza unatoa a = 1/3. Wa pili unatoa b = 1/2. Wa tatu unatoa c = 1/6. Na d? Pasipo tabaka hakuna chungwa, kwa hiyo P(0) = 0 na d ni sifuri. Kanuni imepatikana:

P(x) = x³/3 + x²/2 + x/6,

ambayo ukipenda waweza kuiandika x(x + 1)(2x + 1)/6. Kwa tabaka nne ni 4 × 5 × 9 / 6, yaani 30. Kwa tabaka mia ni 338,350.

Lakini je, kama tungekisia umbo lisilo sahihi? Tuseme tumejaribu kipeo cha pili, P(x) = bx² + cx + d. Tofauti inakuwa 2bx + (c − b), isiyo na x² hata chembe, na kizigeu cha x² kinatulazimisha tuseme 0 = 1. Njia yenyewe imetukatalia, tena mapema. Tungekisia kipeo cha nne hasara ingekuwa ndogo zaidi: kizigeu cha x⁴ kingetoka sifuri na yaliyobaki yangekuwa yaleyale.

Hapa ndipo ninapoipendelea njia hii kuliko ile ya mkato ya kubandika thamani chache za x. Kubandika si kosa; kwa mfano wetu wa kwanza, x = 1 inatoa B papo hapo. Ila mtu aliyekisia kipeo cha pili akabandika jumla za tabaka 0, 1 na 2, ambazo ni 0, 1 na 5, atapata b = 3/2, c = −1/2 na d = 0 bila kikwazo chochote. Kanuni yake itajibu sawa kwa tabaka hizo zote tatu alizozitumia. Tabaka la tatu ndilo litakalomuumbua: kanuni itasema 12, na machungwa ni 14. Akiwa na herufi tatu na thamani tatu, hakubaki na shahidi wa nje. Anayebandika hana budi kubandika thamani moja zaidi ya zile alizozihitaji.

Njia hii ina mpaka wake pia. Chukua x² na x, ukijali tu kama thamani yake ni shufwa au witiri. Mraba wa namba shufwa ni shufwa na wa witiri ni witiri, kwa hiyo x² na x zinakubaliana kwa kila namba nzima, ilhali vizigeu vyake havifanani kabisa. Hoja yetu ilivunjika wapi? Pale tulipohitaji thamani tatu tofauti za x. Katika hesabu ya shufwa na witiri thamani zilizopo ni mbili tu, na mbili hazitoshi kuibana polinomia ya kipeo cha pili.

Ndani ya namba za kawaida hakuna upungufu huo, na unaweza kwenda mbali zaidi. Badili x² iwe x³, yaani jumlisha 1 + 8 + 27 na kuendelea, na ukisie Q(x) = ax⁴ + bx³ + cx² + dx. Hatua ni zilezile, milinganyo ni minne: 4a = 1; 3b − 6a = 0; 4a − 3b + 2c = 0; −a + b − c + d = 0. Inatoka a = 1/4, b = 1/2, c = 1/4, na d sifuri. Ukizikusanya, Q(x) ni mraba wa x(x + 1)/2, na x(x + 1)/2 ni jumla ya 1 + 2 + 3 hadi x. Yaani 1 + 8 + 27 + 64 ni sawa na mraba wa 1 + 2 + 3 + 4, na ndivyo ilivyo popote utakapoikatia safu hiyo.