Birika la Umeme Lililotumika: Cha Kuandika Kwenye Tangazo

Matangazo mengi ya birika la umeme lililotumika huishia kwenye neno moja: “Linafanya kazi.” Mnunuzi hapo hajaambiwa kitu.

Anza kwa kulipindua na kusoma kibandiko cha chini. Tuseme kimeandikwa 220–240V, 1850–2200W. Wauzaji hupenda kutaja 2200 peke yake, lakini nguvu hiyo hupatikana umeme ukifika volti 240; ukiwa 220, birika hilohilo huvuta wati 1850. Andika namba zote nne. Mnunuzi atajua kwamba litavuta ampea 9 hivi, mzigo ambao soketi ya ukutani ya ampea 13 inaubeba, ila ekstensheni ya waya mwembamba itapata moto.

Kisha pima. Mimina lita 1 ya maji ya bomba, funga kifuniko, washa, tazama saa. Birika la nguvu hiyo huchemsha kwa dakika tatu hivi. Likichelewa sana, huenda umeme ni hafifu wakati huo, kama inavyotokea jioni mtaa mzima unapopika; rudia asubuhi kabla ya kulilaumu.

Sehemu ya kukaguliwa kwa makini zaidi ni kujizima. Maji yakichemka, mvuke hupita kwenye kitundu hadi kwenye kibati kidogo cha metali mbili. Kikipata joto kinapinda na kuisukuma swichi. Kwa hiyo kifuniko kisichofunga vizuri huuachia mvuke, na birika huendelea kuchemka hadi maji yakauke. Swichi nzuri hukatika sekunde chache baada ya maji kutokota. Ikikatika kabla hayajachemka, chungulia ndani: ukoko mweupe wa maji ya chumvi hulipasha joto bati la chini kupita kiasi, na kinga ya pili, ile ya birika kavu, inakata umeme. Chemsha maji yenye siki, suuza, pima tena. Kinga hiyo usiijaribu kwa kuliwasha likiwa tupu. Sema tu kwamba hukuijaribu.

Waya upime kwa futi kamba, kutoka kitakoni hadi kwenye plagi. Mara nyingi haufiki mita 1, na umefupishwa makusudi ili usining’inie mezani mtoto akauvuta. Pini zikiwa na weusi wa kuungua, zipige picha.

Tangazo basi lisomeke hivi:

“Birika la umeme, lita 1.7. Volti 220–240, wati 1850–2200. Waya sentimita 72, plagi ya pini tatu, haina alama ya kuungua. Lita 1 ya maji ya bomba ilichemka kwa dakika 3 na sekunde 10, likajizima sekunde 8 baadaye. Halivuji. Kifuniko lazima kibanwe hadi kilie, la sivyo halijizimi. Kinga ya birika kavu haikujaribiwa.”