Kadi ya Vigezo: Wanafunzi Wanapopimana Jimnastiki

Mfuatano wa jimnastiki hupita haraka, na mtoto anayemtazama mwenzake hajui aangalie wapi. Kadi ya vigezo humwonyesha. Vigezo vitatu vinatosha, mradi kila kimoja kitaje jambo linaloonekana au kuhesabika. "Alifanya vizuri" hakipimiki.

Tuchukue mfuatano wa kubingirika mbele, kusimama kwa mguu mmoja, kisha kuruka na kutua. Kadi yake huuliza: Je, kidevu kiligusa kifua alipobingirika? Alitulia kwa mguu mmoja hadi hesabu ya ngapi? Je, alitua kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa kidogo?

Kwanza mwalimu huliacha darasa zima lipime mfuatano mmoja. Majibu yakitofautiana sana, huenda swali lina utata, nalo huandikwa upya. Kisha wanafunzi hukaa wawili wawili. Mpimaji husimama ubavuni mwa mkeka, kwa kuwa kutoka mbele kidevu hakionekani sawasawa. Mwenzake hufanya mara mbili: mara ya kwanza hutazamwa tu, ya pili hujaziwa kadi. Baada ya kuambiwa jambo moja la kurekebisha, hurudia.

Marafiki hupeana alama za bure. Dalili yake ni kadi yenye "ndiyo" tupu ilhali mtendaji aliyumba alipotua. Swali la kuhesabu hupunguza upendeleo huo. Hata hivyo, usalama na alama za mwisho hubaki mikononi mwa mwalimu.