Je, Wajua? Kipimo cha spidi ya simu kinapima nini hasa

Je, wajua kwamba ukibonyeza GO kwenye Speedtest hupimi "intaneti" yote? Unapima njia moja tu, kutoka kwenye simu yako hadi kwenye seva moja. Kwa kawaida programu hukuchagulia seva iliyo karibu, lakini ikikupeleka mbali, namba hubadilika hata kama mnara wako hauna tatizo. Ndani ya nyaya za faiba mwanga husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za umbali hugharimu milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Hakuna kampuni ya simu duniani itakayokupa PING chini ya ms 75 hadi huko, na kwa kuwa nyaya za baharini huzunguka, hupita 100 kwa urahisi. Kabla ya kulinganisha laini mbili, gusa jina la seva, chagua ya mji wako, na uitumie hiyohiyo kwa laini zote.

Je, wajua kwamba vile vistari vya mtandao juu ya kioo havisemi lolote kuhusu foleni? Vinaonyesha nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Idadi ya watu mnaogawana mnara huo haionekani hapo. Chukua mfano wa mtu anayeishi Sinza. Saa kumi na moja alfajiri DOWNLOAD inasoma Mbps 38. Saa tatu usiku, mtaa mzima ukiwa kwenye video, kiti kilekile na vistari vilevile, inasoma 4. Ili ajue kasoro iko wapi, apime tena saa hiyohiyo ya usiku akiwa dirishani au nje uani. Spidi ikipanda sana, ukuta ndio uliokuwa unazuia mawimbi. Ikibaki 4 nje na ndani, na alfajiri ikarudi 38, mnara umeelemewa, na kununua simu mpya hakutasaidia kitu. Ikiwa chini saa zote, aangalie bando lake: vifurushi vingine hupunguzwa spidi ukishamaliza kiasi fulani.

Kipimo cha haki kinataka maandalizi kidogo. Zima waifai, zima VPN, subiri programu zimalize kujisasisha, na usipime simu ikiwa ya moto, kwa sababu simu iliyopata joto hujipunguzia kasi yenyewe. Pima mara tatu mfululizo, kisha chukua namba ya katikati. Ukipata 12, 31 na 14, jibu lako ni 14. Ile 31 inapendeza, lakini huenda ilitokea jirani alipomaliza kupakua.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. PING kubwa inayoonyeshwa hupimwa laini ikiwa imetulia. Chini yake Speedtest huweka namba nyingine mbili ndogo: ping wakati wa kupakua na wakati wa kupakia. Unaweza kukuta 35 kwenye utulivu na 600 wakati wa kupakua. Maana yake data zinapanga foleni ndefu mahali fulani njiani, na kila kitu kingine kinasubiri nyuma yake. Mwenye laini ya namna hiyo anaona Mbps 20 na kushangaa kwa nini mtu akianza kupakua filamu kwenye hotspot yake, simu ya video inakatika maneno. Kwa mazungumzo, mimi ningechagua Mbps 8 zenye ping isiyotikisika kuliko 20 za namna hiyo.

Je, wajua kwamba kupima nako kunakula bando? Mbps ni megabiti kwa sekunde, na megabaiti moja ina megabiti 8. Laini ya Mbps 40 ikipakua kwa sekunde 15 imepitisha megabiti 600, yaani MB 75, kabla hata ya kuhesabu UPLOAD. Kwenye 5G ya Mbps 400, kipimo hichohicho kinameza MB 750. Kadiri laini inavyokimbia, ndivyo kipimo kinavyokuwa ghali.

Na UPLOAD karibu kila mara huwa ndogo kuliko DOWNLOAD. Mitandao hutenga nafasi kubwa zaidi kwa kupakua, lakini pia simu nyingi hurusha mawimbi kwa nguvu isiyozidi takribani wati 0.2, huku mnara ukitumia makumi ya wati. Ukiwa mbali na mnara, unausikia vizuri kuliko wenyewe unavyokusikia. Ndiyo maana picha za wenzako zinaingia WhatsApp bila shida, huku yako ikibaki na alama ya saa. Hali hiyo ikikupata, soma UPLOAD kwanza, kisha sogea mahali pa wazi upime tena.