Picha kumi na mbili za pete moja: tuchague gani?

Ku ndoa ya komini, kuvalisha pete kunachukua sekunde moja na nusu hivi. Aparei ikikamata picha nane kwa sekunde, mupiga picha anarudi na picha kumi na mbili zenye kufanana sawa mapacha. Lakini familia itakuza moja tu ya kutundika ku salo. Na bwana akirudi ku mugodi, ile njo atabeba mu telefone.

Tulikaa na mupiga picha moja wa Kolwezi wakati alikuwa anachagua. Kwanza aliondoa zenye kuharibika. Alikuza kila picha mpaka kope za macho zionekane moja moja. Pale pete ilikuwa wazi lakini kope ni ukungu, akaitupa. Namba 3 na 4 pia zilitoka: bibi-arusi alikuwa anapepesa, na macho yenye kufumba nusu yanaonyesha mutu sawa amelewa usingizi.

Kisha aliangalia pete imefika wapi. Ikiwa bado ku kucha, kitendo hakijaanza. Ikiisha kuingia yote, mikono inaanza kuachana. Nguvu iko pa kiungo cha katikati ya kidole, pale pete inakwama kidogo na bwana-arusi anasukuma.

Mwisho, sura. Kwa mwaka 1862, daktari Mufaransa Duchenne alieleza kama mutu anaweza kulazimisha cheko ya mudomo, lakini ya furaha ya kweli inakaza pia misuli ya kuzunguka macho. Unaweza kujaribu nyumbani: funika mudomo na kidole chako juu ya picha. Kama macho bado yanacheka, cheko inaweza kuwa ya kweli.

Zilibakia mbili. Ku namba 7, meno yote iko inje, lakini bwana-arusi anaangalia aparei na pete iko ku kucha. Ku namba 9, midomo imefunguka kidogo tu. Pete iko pa kiungo, bibi-arusi anaifuata na macho, mashavu yamepanda, na nyuma mama yake ameinama mbele ili aone.

«Hapa kwa 7 njo wanacheka sana!» shangazi wa bibi-arusi alisema. Mupiga picha hakubishana. Alipunguza zote mbili mpaka ukubwa wa tembre, akaziweka kando kwa kando. Ku 7 tuliona nyuso mbili tu. Ku 9 tuliona pete na watu watatu wenye kuingojea. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akaonyesha 9 na kidole.

Kuna familia ambazo bibi-arusi hapashwe kucheka, juu anaacha kwa wazazi. Pale usihesabu meno: angalia shingo na vidole. Picha yenye vidole vimelegea inapita ile yenye vimekazana.

Namba 7 haikufutwa. Iliingia mu albamu, ukurasa wa pili.