Kumbukumbu ya Matoleo ya Vigezo: Mfano wa Umwagiliaji wa Mawaridi Naivasha

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vigezo vya mkakati vinavyoweza kutengwa na programu ya kompyuta na kuwekwa katika faili yenye kumbukumbu ya matoleo, ili kila badiliko katika utaratibu unaoendelea kufanya kazi liweze kufuatiliwa hadi chanzo chake na, ikibidi, kutanguliwa. Mhakiki wa miswada anaijua haja hii kwa sura nyingine: mbele ya nakala mbili zinazotofautiana neno moja, hana budi kuuliza ni nani aliyebadili, lini, na kwa sababu gani. Tofauti iliyopo ni kwamba mswada hutulia rafuni ukimngoja, ilhali utaratibu unaozungumziwa hapa hautulii.

Mfano umechukuliwa katika kilimo cha maua kandokando ya Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Huko mawaridi mengi hukuzwa ndani ya vivungulio bila kupandwa ardhini. Mizizi hukaa katika vyombo vyenye makumbi ya nazi au mawe mepesi ya volkano, na maji yenye mbolea huletwa kwa matone. Kivungulio kinachoelezwa hapa ni cha kubuni, lakini viwango vyake ni vya kawaida katika kazi hiyo.

2. Vigezo na maana yake

Programu hupima mionzi ya jua na kuijumlisha. Jumla inapofikia kiwango kilichowekwa, valvu hufunguka, kila mmea hupewa kiasi chake, kisha hesabu huanza upya. Vigezo vyake ni hivi:

```
mionzi_jcm2 = 120
kiasi_ml    = 50
ph          = 5.8
ec_mscm     = 1.8
```

Kigezo cha mwisho ni uwezo wa maji kupitisha umeme, ambao hupanda kadiri chumvi za mbolea zinavyozidi. Vipimo vimeandikwa ndani ya majina yenyewe kwa makusudi, kwani tarakimu isiyo na kipimo humpotosha msomaji wa baadaye.

Siku ya jua la kutosha, mionzi ikiwa jouli 2000 kwa sentimita ya mraba, maji hutolewa mara 16, na kila mmea hupata mililita 800. Mmea ukitumia 600, mililita 200 huchuruzika, yaani asilimia 25. Maji hayo ya ziada hayapotei bure, kwani ndiyo yanayoosha chumvi zinazobaki penye mizizi.

3. Badiliko lililosahauliwa

Mwezi wa Julai hali ya hewa katika Bonde la Ufa la kati huwa ya baridi na mawingu. Tuseme mionzi imeshuka hadi jouli 1500 kwa siku. Maji hutolewa mara 12, sawa na mililita 600, lakini mmea hutumia 360 tu. Asilimia 40 huchuruzika pamoja na mbolea yake. Msimamizi anapandisha kiwango cha mionzi kutoka 120 hadi 150. Maji sasa hutolewa mara 10, mililita 500, na ziada inakuwa asilimia 28. Uamuzi huo ni sahihi kabisa.

Septemba jua linarejea. Kwa jouli 2000 maji hutolewa mara 13, mililita 650. Mmea unatumia 600, na kinachochuruzika ni mililita 50, chini ya asilimia 8. Hakuna kengele inayolia, wala mmea haunyauki. Chumvi hujikusanya polepole, na baada ya majuma kadhaa kingo za majani huanza kuungua. Aliyeko zamu anaona kuwa maji yanayochuruzika yana chumvi nyingi, naye anapunguza mbolea, kutoka 1.8 hadi 1.6. Ametibu dalili, na chanzo kimebaki palepale.

Iwapo tarakimu zimefichwa ndani ya programu, au hubadilishwa kwenye kioo cha mtambo bila kuandikwa, chanzo hicho hakina njia ya kujulikana isipokuwa kwa kumbukumbu za watu. Lakini faili ikitunzwa kwa Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, amri moja huonyesha historia yake:

```
$ git log --oneline -- mkakati.toml
b81d03e EC 1.8 -> 1.6: chumvi katika maji ya ziada
4f2a9c1 Mionzi 120 -> 150: Julai, ziada ni 40%
09c7e55 Thamani za kuanzia
```

Mstari wa kati unajibu swali lote, na unajibu kwa sababu mwandishi wake alitaja hali iliyomsukuma. Lau angaliandika "marekebisho" tu, historia ingalionyesha tarakimu bila kuonyesha kwamba sharti la uamuzi, yaani baridi ya Julai, limekwisha.

4. Kurudisha

Badiliko hilo hutanguliwa kwa amri ifuatayo:

```
git revert 4f2a9c1
```

Amri hii haifuti kitu. Huandika toleo jipya lililo kinyume cha lile la Julai, na kumpa mwandishi nafasi ya kueleza sababu. Kiwango cha mionzi kinarudi 120, ilhali badiliko la mbolea linabaki hadi nalo liamuliwe peke yake. Ndiyo sababu inafaa kila toleo liwe na badiliko moja tu. Kurudisha faili nzima kama ilivyokuwa Juni, na kufuta yaliyofuata, kungeondoa pia ushahidi wa kilichotendeka.

Hata hivyo, kuna mipaka mitatu. Kwanza, faili si utaratibu wenyewe. Programu iliyosoma vigezo ilipowashwa itaendelea na vile vya zamani hata faili ikibadilika. Kwa hiyo, kila inaposoma faili, programu iandike katika daftari la kazi thamani ilizozishika pamoja na jibu la amri hii:

```
git describe --always --dirty
```

Neno `-dirty` likitokea mwishoni, kuna faili iliyobadilishwa kwa mkono bila kusajiliwa.

Pili, vigezo hutegemea programu inayovifasiri. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 katika dakika 45 hivi za biashara ya hisa. Programu mpya iliwekwa katika mitambo saba kati ya minane. Katika ule wa nane, alama iliyopewa maana mpya iliamsha kazi ya kale iliyoachwa ndani yake. Wahandisi waliiondoa programu mpya katika ile saba, lakini maagizo yaliendelea kuja na alama ileile, na kosa likaenea mitambo yote. Hapana budi basi toleo la vigezo na toleo la programu yaandikwe pamoja na yarudishwe pamoja.

Tatu, kinachorudishwa ni agizo, si hali ya mambo. Kiwango cha 120 kitazuia chumvi isiendelee kujikusanya, lakini iliyokwisha kukaa penye mizizi itatoka kwa kuoshwa kwa maji mengi zaidi kwa siku kadhaa. Uoshaji huo nao ni badiliko la vigezo, nao usajiliwe pamoja na kipimo kitakachoonyesha kwamba umekwisha kazi yake, ili usije ukawa Julai nyingine.