Piramidi ya Picha na Mshono katika Slaidi ya Damu

Tabaka jembamba la damu lililopakwa juu ya slaidi haliingii lote katika picha moja. Lenzi ya mafuta, ile inayokuza mara 100, huonyesha eneo dogo sana. Kwa hiyo kamera hupiga picha nyingi zinazopishana kidogo kingoni, kisha kompyuta huziunganisha. Hapo ndipo mshono hujitokeza. Tuseme taa haikuangaza sawasawa, hata mandhari ya picha ya kushoto ikawa na mwangaza wa 120 na ile ya kulia 100. Zikikatwa na kubandikwa, mstari ulionyooka utaonekana ukipita katikati ya chembe nyekundu.

Dawa ya haraka ni kuchanganya picha hizo mbili polepole katika ukanda mpana. Mstari hutoweka, lakini tatizo baya zaidi huingia. Picha mbili ni nadra kulingana hadi pikseli ya mwisho, hivyo kila kitu kidogo kilicho ndani ya ukanda huonekana mara mbili, kwa ufifi. Pete ya kimelea cha malaria yenye nukta moja ya kromatini yaweza kuonekana ina mbili, na nukta mbili ni mojawapo ya dalili ambazo msomaji wa slaidi hutumia kumtambua kimelea wa aina ya falsiparamu.

Mwaka 1983 Peter Burt na Edward Adelson walieleza njia ya kutoka katika mtego huo. Kila ukubwa wa umbo huchanganywa katika upana unaoufaa: mwangaza wa jumla katika ukanda mpana, nukta na kingo katika ukanda mwembamba. Ili hilo liwezekane, picha lazima kwanza itenganishwe kwa ukubwa wa maumbo yake.

Kazi huanza na piramidi ya Gauss. Picha hulainishwa kwa uzito wa 1, 4, 6, 4, 1, jumla ikigawanywa kwa 16, kwa mlalo na kwa wima. Kisha pikseli moja kati ya kila mbili huachwa. Picha ya pikseli 1024 kila upande huwa 512, halafu 256, na kuendelea. Katika kila ngazi umbo dogo hufifia na lile kubwa hubaki.

Piramidi ya Laplace huhifadhi kile kilichopotea kati ya ngazi na ngazi. Ngazi ndogo hukuzwa tena hadi ukubwa wa ile iliyoitangulia, kisha hutolewa kutoka kwake. Chukua mstari mmoja wa pikseli wenye thamani ya 80 ambao ghafla unapanda kuwa 120. Ukilainishwa, ukapunguzwa na kukuzwa, pikseli ya mwisho ya 80 yaweza kurudi ikiwa takribani 94, na ya kwanza ya 120 ikiwa 105. Tofauti ni −14 na +15. Mbali na ukingo huo tofauti ni sifuri. Tukijumlisha tofauti hizo na ngazi iliyokuzwa, picha ya awali hurudi kamili.

Kuunganisha sasa ni rahisi. Barakoa yenye 1 upande wa kushoto na 0 upande wa kulia hujengewa piramidi ya Gauss, na kila ngazi ya barakoa huamua mchanganyiko wa ngazi ya Laplace inayolingana nayo. Ngazi ya chini kabisa ina mshono mkali. Katika ngazi ya tano pikseli moja hufunika 32 za awali, kwa hiyo tofauti ile ya 20 huyeyuka polepole.

Wingi wa sifuri ndio unaofaidisha pia usimbaji. Ngazi zote kwa pamoja zina pikseli zaidi kwa theluthi moja, lakini namba zilizosongamana karibu na sifuri huandikwa kwa misimbo mifupi. Zaidi ya hapo, ngazi ya chini, yenye pikseli nyingi zaidi, ndiyo hukadiriwa kwa ukali. Kwa picha ya mtu barazani hakuna ubaya. Kwa slaidi ya damu tahadhari inahitajika: ikiwa kila namba hukadiriwa hadi kizidishio cha 20 kilicho karibu, tofauti ya 6 huwa sifuri, na nukta fifi ya kromatini hutoweka bila kuacha alama.

Kosa la kawaida katika programu ni kuhifadhi ngazi za Laplace kwa namba zisizokubali hasi. Ile −14 hugeuka 0, na kingo huzungukwa na weupe usiokuwapo. Kipimo chake ni chepesi: jenga piramidi, ibomoe bila kuchanganya chochote, kisha toa matokeo kutoka kwa picha ya awali. Baki lazima liwe sifuri kila mahali, ukiacha makosa madogo ya desimali. Mshono ukibaki kama ngazi pana ya mwangaza, ngazi za piramidi zilikuwa chache. Lakini nukta pacha zikionekana hata hivyo, picha hazikupangwa vizuri, na piramidi haiwezi kurekebisha hilo. Vimelea vya eneo hilo vihesabiwe katika picha za awali.